Silikoni ya Baba Mkwe

Kukaa ukweni si jambo la kutangaza, na Fundi Rangi hakulitangaza. Mtu akimuuliza anaishi wapi, alitaja mtaa, akataja kona yenye duka la vifaa vya ujenzi, kisha akageuza maneno. Hakusema kwamba analala katika chumba cha nyuma cha baba wa mkewe. Hakusema kwamba mlango wa mbele una ufunguo mmoja tu, nao uko kwa mzee, na kwamba yeye, mwanamume mzima mwenye ndevu, akichelewa kazini hugonga na kusubiri. Mzee humfungulia kwa tabasamu na kumuuliza kama amekula.

Tabasamu hilo ndilo lililomchosha. Baba mkwe mkorofi angempa sababu ya kufunga virago, na mtaa mzima ungemwelewa. Huyu alikuwa mwema kupita kiasi. Walikuja kwake kwa wiki mbili, mwenye nyumba waliyopanga alipoitaka nyumba yake ghafla. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini mzee hakumpa mkwewe jembe, alimpa kiti chake mwenyewe pale mezani, akahamia kwenye stuli. Utaondokaje katika nyumba ambayo mwenyewe amekaa kwenye stuli kwa ajili yako? Wiki mbili zikageuka mwaka, na mwaka ukapata mwenzake.

Mzee alikuwa amefiwa na mkewe. Watoto wake wakubwa walitawanyika miji ya mbali, akabaki na kitindamimba, ambaye ndiye mke wa Fundi. Maisha yake yote alikuwa fundi wa madirisha ya alumini, na ingawa alishastaafu, bado alitembea na ile bunduki ya kukamulia silikoni, gundi ya mpira ya kuzibia kingo za vioo, kama askari asiyeamini kwamba vita vimekwisha. Sinki likivuja, silikoni. Kiatu kikiachama, silikoni. Mafundi wenzake walimwita Mzee Silikoni, naye aliipenda sifa hiyo.

Sasa, chumba chenyewe. Kilikuwa kona ya machweo, na ukuta wake wa nje haukuwa na kivuli cha mti wala upenu wa kuukinga. Kuanzia adhuhuri jua liliuchapa mpaka ukawa hauguswi, na msimu wa mvua ulipofika, upepo uliileta mvua kutoka upande uleule, ikaupiga ukuta ubavuni badala ya kuanguka chini kama mvua yenye adabu. Plasta ilishajaa nyufa, nyembamba kama unywele, zimepishana huku na kule. Ufa wa namna hiyo watu huudharau. Lakini maji hayahitaji mlango, yanahitaji njia tu. Yakishaingia, rangi iliyo juu huyazuia yasitoke haraka, na ukuta hubaki umelowa mwezi mzima. Ndani, nyuma ya kitanda, ukungu mweusi ulipanda mpaka usawa wa dirisha. Walikivuta kitanda hadi katikati ya chumba. Mkewe alikuwa mjamzito, na asubuhi alikohoa.

Fundi alikuwa na sababu nyingine ya kuutazama ukuta ule, na hiyo hakumwambia mtu ila mkewe. Ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo la ghorofa la mama mmoja aliyeanza maisha kwa cherehani moja, mtaani wakimwita Bi Ghorofa. Jengo lake lilikuwa na ugonjwa uleule, upande uleule. Mafundi wawili walishampaka maneno matamu pamoja na rangi, na rangi ikabanduka kabla ya maneno. Bi Ghorofa hakutaka tena kuambiwa. Alimwita Fundi barazani kwake, akamwonyesha ukuta wa baba mkwe kwa kidole. Autengeneze ule kwanza, alisema, ambao yeye atauona kila anapofungua pazia. Ukipita masika bila kutoa doa, kazi ya jengo zima ni yake, pamoja na vyumba viwili vya chini avikalie na familia yake muda wote wa kazi, na baada ya hapo awe fundi wake wa kudumu.

Vyumba viwili, mlango wake mwenyewe, na ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Fundi alivuka barabara akirudi huku moyo unamwenda mbio.

Aliuchagulia ukuta ule rangi kama mtu anayemchagulia mtoto jina. Muuza duka wa pale kona alimtolea kwanza rangi ya mafuta yenye kung'aa, akidai maji yatateleza juu yake. Yatateleza, Fundi alijibu, lakini rangi hiyo ikikauka ni ngumu, jua likiutanua ukuta yenyewe itapasuka papo hapo penye ufa, na unyevu uliobaki ndani utaivimbisha malengelenge. Akatolewa dawa isiyo na rangi, ile inayonyonywa na plasta ikaifanya ikatae maji. Hiyo aliiheshimu, ila kazi yake ni kwenye vitundu vya plasta. Kuvuka ufa haiwezi, kwa sababu haiachi ngozi yoyote juu. Rangi ya kawaida ya nje nayo ina ngozi, ila nyembamba. Alitaka ile nzito, wengine huiita rangi ya mpira, ambayo ikikauka huvutika. Ufa ukifunguka kidogo mchana na kujifunga jioni, ngozi hiyo huenda nao na kurudi nao, na mvuke wa ndani bado hupata njia ya kutoka. Masharti yake ni mawili: ipakwe nene, mikono miwili bila kuchanganywa na maji kwa ubahili, na ipakwe juu ya ukuta mkavu unaoshika.

Mkewe aliomba rangi ya kahawia iliyokolea. Fundi akamwambia kahawia hiyo itakunywa jua lote la mchana, ukuta utatanuka zaidi, na nyufa zitateseka. Wakakubaliana rangi ya maziwa.

Akaanza vizuri. Aliuparua ukuta rangi yote iliyolegea, akausugua kwa dawa ya kuua ukungu, akausuuza, akauacha. Kila baada ya siku chache alibandika kipande cha nailoni kwa utepe wa gundi pande zote nne. Asubuhi yake akikuta matone ndani ya nailoni, alijua ukuta bado unatoa jasho. Jua lilimsaidia. Nailoni ilipokaribia kukauka kabisa, akaitwa kumalizia kazi ya shule moja nje ya mji. Alimwomba baba mkwe jambo moja tu, kwa adabu zote: ukuta uachwe upumue. Mzee alimwambia aende salama, asiwe na wasiwasi, ukuta uko nyumbani.

Aliporudi, jua lilikuwa linalala juu ya ukuta, na ukuta ulimeta. Alidhani umelowa. Alipousogelea akaona mistari, laini na yenye kung'aa, imefuata kila ufa kuanzia juu hadi chini, imepigwa kwa kidole cha mtu anayejua kazi. Hakuna ufa uliosahauliwa. Mzee alikuwa amekaa chini ya ukuta kwenye stuli yake, vidole vikiwa vyeupe, makopo matupu ya silikoni yamejaa ndoo.

"Nimekusaidia, mwanangu," alisema. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Fundi aliitikia asante. Angesema nini? Alichovya brashi kwenye maji akaipitisha ukutani, kama mtu anayepima tu. Plasta ilikunywa maji ikawa nyeusi; penye mistari maji yalijikusanya vitone vitone yakakimbia. Akajaribu praima, ile rangi ya kutangulia, mahali pasipoonekana, nyuma ya bomba la maji ya mvua. Ilijikunja ikakwepa silikoni, na pale ilipokubali kulala, kesho yake aliikwangua kwa kucha ikatoka nzima. Silikoni ya madirisha haishiki rangi. Inashika kioo, inashika alumini, inashika vidole na nguo, lakini rangi haiitaki hata kidogo. Ukipaka juu yake, jua la kwanza na mvua ya kwanza zitaibandua utepe mmoja mmoja, na ukuta mzima utaonekana kama umechanjwa. Na kuivuta tu haitoshi, kwa maana mafuta yake hubaki ndani ya plasta; ni lazima ukate, kisha usage plasta yenyewe kwa mashine hadi ufike palipo safi.

Kwa ukuta wa mtu baki, hiyo ni kazi ya jasho tu. Kwa ukuta huu, ilikuwa ni kumwambia baba mkwe, ndani ya nyumba yake, mbele ya kiti alichokupa, kwamba kazi ya mikono yake ni takataka. Fundi alijaribu mara kadhaa. Alianza mezani, mzee akamwongezea mchuzi. Alianza barazani, mzee akaanza kuwaeleza majirani jinsi mkwe na baba mkwe wanavyoshirikiana siku hizi. Majirani wakasifu. Kila sifa ilikuwa msumari mwingine kwenye mlango aliotaka kutokea.

Mkewe naye hakumfaa. Alipoambiwa, alisema baba yake hajashika kazi kwa furaha namna ile tangu mama afariki. Si apake tu juu yake? Funika kombe mwanaharamu apite.

"Masika hayapiti," Fundi alisema. "Masika yatakaa hapa miezi, na Bi Ghorofa atakuwa dirishani."

"Basi mwambie wewe. Mimi sitamwambia."

Alilala ubavu akiutazama ukungu. Akinyamaza na kupaka, ukuta utamuumbua, na vyumba viwili vitakwenda na maji. Akisema, atakuwa mkwe aliyemdhalilisha mzee aliyemsitiri. Kote amebanwa. Aliona hata pumzi za chumba kile si zake. Na mawingu yalishaanza kujikusanya mchana, yakitishia tu.

Siku mzee alipokwenda kwa kinyozi, Fundi alipandisha ngazi. Mzee akienda kwa kinyozi hukaa hadi adhuhuri, maana hucheza karata na kubishana habari za dunia. Fundi alikata mstari wa kwanza kwa kisu, akauvuta, ukatoka mrefu kama utumbo wa kuku. Akakata wa pili. Akawasha mashine akasaga, vumbi likamfunika, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alihisi nafuu. Hakusikia geti. Alipozima mashine ili apumue, mzee alikuwa amesimama chini ya ngazi, nywele zimekatwa upande mmoja tu. Kinyozi aliishiwa umeme katikati.

Watu hucheka mambo ya namna hiyo baadaye. Fundi hakucheka. Alishuka, mdomo umejaa vumbi na samahani, akaanza kueleza kwamba si ubaya, kwamba silikoni ni nzuri mahali pake, kwamba rangi yenyewe ndiyo yenye matatizo. Mzee aliinua mkono kumnyamazisha. Aliokota utepe mmoja chini, akauvuta kwa vidole viwili, ukarefuka, akauachia ukarudi.

"Silikoni haishiki rangi," mzee alisema.

Fundi alidhani amesikia maneno yake mwenyewe yakirudishwa. "Ndiyo, Baba, ndicho nilichotaka kukueleza..."

"Nieleze mimi? Nimeifanya kazi hii tangu sijaota ndevu. Nimeshagombana na mafundi rangi wangapi kwa kudondosha silikoni kwenye kuta zao. Nilijua."

Ilimchukua Fundi muda kulielewa neno hilo. Hasira ilimpanda kwanza miguuni, akashika ngazi. Akamuuliza kwa nini, basi, amemkosea nini.

Mzee hakumtazama. Alitazama ng'ambo, kwenye vyumba vya chini vya jengo la Bi Ghorofa. "Yule mama alinipongeza. Alidhani nimeshaambiwa. Ukuta ukisimama, mnahama. Mimi nitabaki na stuli na kile kiti. Nilisema, ukuta ukishindwa, mtakaa mwaka mmoja zaidi. Mtoto atazaliwa hapa. Nilitaka mwaka mmoja tu, mwanangu."

Dirisha la chumba lilikuwa wazi, na mkewe Fundi alikuwa ndani akikunja nguo ndogo za mtoto. Alisikia kila neno. Hakutoka nje. Walisikia tu kitanda kikilia alipokikalia.

Fundi angeweza kusema mengi, na haki yake ya kuyasema ilikuwepo. Kwamba binti yake mwenyewe anakohoa ndani ya chumba hicho. Kwamba mtu hajengi familia kwa kuilowesha. Alimtazama mzee, nusu ya kichwa ina mvi na nusu imenyolewa. Alipanda ngazi tena, akawasha mashine. Baada ya muda alihisi ngazi imetulia zaidi. Mzee alikuwa ameishika chini kwa mikono miwili, vumbi linamwangukia kichwani, na hakuiachia mpaka jioni.

Walifanya kazi hiyo pamoja, bila kuzungumza sana. Mzee aliondoa silikoni yake mwenyewe utepe kwa utepe, na lazima isemwe kwamba hakuna mtu angeiondoa vizuri kuliko yeye. Fundi alisaga mifereji kufuata nyufa mpaka maji yaliyopigwa kwa brashi yakanyweka kila mahali sawasawa. Akafagia vumbi, akaijaza kwa gundi ya akriliki inayokubali rangi na kunyumbulika, akaiacha ikauke. Akapaka praima. Akaziba na sehemu ya juu kabisa ya ukuta, kwa sababu maji yakiingilia kichwani, rangi ya tumboni haikufai kitu. Kisha akapaka rangi nzito, mkono wa kwanza ukienda wima, akasubiri, na wa pili ukilazwa, mpaka ndoo zikaisha pale alipopiga hesabu kwamba zitaisha. Ukuta mweupe kama maziwa ulisimama kwenye jua bila kumeta.

Mvua ikaja, na upepo nyuma yake. Ilipiga ubavuni kwa ghadhabu ya mwaka mzima. Kila asubuhi Bi Ghorofa alifungua pazia, na kila asubuhi Fundi alijifanya anafunga kamba za viatu barazani ili aone uso wake. Kuta nyingine za mtaa zilikuwa zimejaa madoa. Ukuta wa mzee uliyamwaga maji ukabaki vile vile. Ndani, ukungu aliousugua baada ya rangi ya nje kukauka haukurudi. Kikohozi cha mkewe kilipungua, kisha kikasahaulika, na mtoto akazaliwa katikati ya masika, wa kike, mwenye mapafu ya kuuamsha mtaa. Mzee alimpakata, akamwambia siri ndefu sikioni.

Mbingu zilipotulia, Bi Ghorofa alivuka barabara mwenyewe akamkabidhi Fundi ufunguo, mbele ya watu, akasema sasa amepata fundi. Fundi aliushika ukiwa na joto la kiganja cha mama huyo. Aliingia chumbani akiwa na maneno yote tayari.

Mkewe alikuwa amekirudisha kitanda ukutani. Kitanda cha mtoto kilikuwa pembeni yake, kimeegemea ukuta uleule, na mtoto amelala ameugeuzia mgongo. Aliuona ufunguo mkononi mwa mumewe. Hakusema habari ya baba yake na upweke wake, ingawa tangu siku ile ya dirisha, Fundi alijua ndiyo iliyokuwa moyoni mwake. Alisema kwa upole, kama mtu anayesema jambo lililo wazi:

"Kazi utakwenda na kurudi, ni ng'ambo tu. Tuhame tufuate nini? Chumba kimekauka, mume wangu. Umekikausha mwenyewe."

Sebuleni mzee alikuwa anavuta viti, anaandaa meza, na stuli yake ililia sakafuni.  Fundi alikivuta kitanda kidogo, akapiga magoti nyuma yake, akaupapasa ukuta kuanzia dirishani kwenda chini, kila mahali palipokuwa na ukungu, polepole, kwa vidole vyote. Alikuwa anatafuta mahali pamoja tu pa ubaridi, doa moja la unyevu la kumwonyesha mkewe. Alipapasa mpaka kwenye kona, na hakulipata.